Uzi: Takwimu za hudhurio la kwanza kliniki na simulizi za wanawake, zinaunganishwaje zikawa utafiti mmoja?

Mkunga Mwanafunzi

Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu wajawazito wanaochelewa kuanza kliniki. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliachana na mpango wa mahudhurio manne likapendekeza manane, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo, na mimi nimeamua kushughulika na hilo la kwanza peke yake, kwa kuwa mwanamke anayeanza wiki ya 24 hata akifuata ratiba yote iliyobaki bila kukosa hayafikishi manane.

Nimepanga kutumia mbinu mseto. Sehemu ya kwanza ni dodoso kwa akina mama 640: kanuni ya kawaida ya sampuli ilinipa 384 nilipochukua asilimia 50 na kosa la asilimia 5, nikazidisha kwa 1.5 kwa sababu nachagua watu kwa makundi ya maeneo, nikafika 576, kisha nikaongeza ili kufidia asilimia 10 ambao huenda wasipatikane. Sehemu ya pili ni mahojiano ya kina na wanawake ishirini hivi.

Msimamizi wangu amerudisha rasimu na kuandika pembeni kwamba hizi ni tafiti mbili zilizofungwa kwenye jalada moja. Mimi nilidhani nimeeleza vya kutosha, kwamba takwimu zitaniambia nani anachelewa na mahojiano yataniambia kwa nini. Naomba mnisaidie kuona kilichopungua.

Mpanga Safu

Dada, msimamizi wako yuko sahihi, na kilichopungua kinaweza kupimwa kwa swali moja. Ukiyaondoa mahojiano yote ishirini, je, kuna sentensi hata moja katika sura ya takwimu itakayobadilika? Na ukiondoa dodoso, je, orodha ya wanawake utakaowahoji, maswali utakayowauliza na namna utakavyosoma majibu yao vitabadilika? Kwa jinsi ulivyoeleza, hakuna kitakachobadilika upande wowote, na hapo ndipo neno "mseto" linakosa kazi.

Kauli ya kwamba takwimu hutoa "nani" na mahojiano hutoa "kwa nini" inasikika vizuri lakini inaziacha sehemu mbili zikae mbalimbali. Unachohitaji ni swali la tatu la utafiti ambalo upande mmoja hauwezi kulijibu peke yake. Mfano: "Ni kwa nini baadhi ya wanawake wenye sifa zinazoashiria kuchelewa huwahi, na wenye sifa zinazoashiria kuwahi huchelewa?" Swali hilo huwezi hata kulianza kabla takwimu hazijakuonyesha ni akina nani hao, na huwezi kulimaliza bila wao kusema.

Kabla hatujaendelea, hao 640 utawapata wapi? Kama ni kliniki, basi umewaondoa mapema wale ambao hawakufika kabisa, na wanaochelewa sana utawapata wachache kuliko walivyo, kwa sababu wanaonekana kliniki mara chache kuliko wenzao.

Mkunga Mwanafunzi

Nilipanga kliniki, kwa kweli, kwa sababu ya urahisi. Naona sasa ni bora niende kaya kwa kaya na kuwachukua wanawake waliojifungua katika miezi 12 iliyopita, kisha niombe kuona kadi zao.

Mpanga Safu

Hiyo ni bora zaidi, na uwajumuishe pia waliopoteza mimba baada ya wiki 28 au waliofiwa na mtoto, kwa uangalifu na kwa ridhaa yao. Dodoso nyingi huwaacha nje kwa kuwa muulizaji huanza kwa kumtafuta mtoto mchanga. Uzuri wa kuchagua hudhurio la kwanza ni kwamba halitegemei sana urefu wa mimba. Ungehesabu idadi ya mahudhurio, mwanamke aliyejifungua wiki ya 32 angeonekana mtoro wakati hakupata hata nafasi ya kufika tarehe za wiki ya 34, 36, 38 na 40.

Sauti ya Jamii

Mimi nashauri mafunzo kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na matangazo kupitia viongozi wa mitaa. Wanawake wakielimishwa umuhimu wa kuanza mapema watahudhuria. Kwetu tulifanya hivyo na mwitikio ulikuwa mkubwa.

Mkunga Mwanafunzi

Ahsante ndugu, lakini bado sijafika kwenye hatua ya kuchagua la kufanya. Ninajaribu kwanza kupanga namna ya kujua sababu, kwa kuwa huenda elimu ndiyo sababu na huenda siyo.

Mpanga Safu, nifafanulie hao "wenye sifa zinazoashiria" wanapatikanaje kwa vitendo.

Kipimo

Hapo niruhusuni, maana ndiyo kazi yangu. Ukishakusanya dodoso unatengeneza modeli ya regresheni ya lojistiki ambayo tokeo lake ni kuanza kliniki mapema au la, na vigeu vyake ni kama umri, idadi ya uzazi, elimu na muda wa kufika kituoni. Modeli itampa kila mwanamke uwezekano wa kuwahi, kati ya 0 na 1. Unaulinganisha uwezekano huo na alichofanya kweli, na unapata makundi manne: walitarajiwa kuwahi wakawahi, walitarajiwa kuchelewa wakachelewa, walitarajiwa kuwahi wakachelewa, na walitarajiwa kuchelewa wakawahi. Kwa lugha ya R:

```
m <- glm(mapema ~ umri + uzazi + elimu + dakika,
         family = binomial, data = d)
d$p <- predict(m, newdata = d, type = "response")
juu  <- quantile(d$p, 0.8, na.rm = TRUE)
chini <- quantile(d$p, 0.2, na.rm = TRUE)
d$kundi <- NA
d$kundi[d$p >= juu   & d$mapema == 0] <- "alitarajiwa_akachelewa"
d$kundi[d$p <= chini & d$mapema == 1] <- "hakutarajiwa_akawahi"
```

Makundi mawili yaliyobaki yanaandikwa kwa namna hiyo hiyo. Angalia kwamba sikutumia mpaka wa 0.5. Kama waliowahi ni wachache katika sampuli nzima, karibu kila mtu atakuwa chini ya 0.5 na kundi la "walitarajiwa kuwahi" litabaki tupu. Kuchukua moja ya tano ya juu na moja ya tano ya chini kunakupa watu ambao modeli imewatofautisha kwa kadiri inavyoweza.

Wahoji sita kutoka kila kundi, jumla 24. Wale wa makundi mawili ya pembeni, yaani walioenda kinyume na modeli, ndio watakaokuonyesha kitu ambacho dodoso lako halikukiuliza. Ukihoji waliochelewa peke yao, kama wengi wanavyofanya, utakusanya visingizio na sababu za kweli pamoja bila njia ya kuzitenganisha, kwa sababu huenda waliowahi nao walikuwa na vizuizi vilevile.

Mpanga Safu

Naongezea hapo jambo la karatasi ambalo huangusha wengi. Ili uweze kumrudia mwanamke fulani kwa mahojiano, fomu ya ridhaa ya dodoso lazima iwe na kipengele cha kukubali kutafutwa tena, na orodha ya majina na simu ihifadhiwe mbali na data, ikiunganishwa kwa namba tu. Nimewaona wanafunzi waliokusanya dodoso bila utambulisho wowote, kisha wakaandika kwamba "washiriki wa mahojiano walichaguliwa kutoka kwenye sampuli". Kwa njia waliyotumia jambo hilo haliwezekani, na waliishia kuhoji yeyote aliyepatikana.

Pia muongozo wako wa mahojiano hauwezi kukamilika kabla ya matokeo ya dodoso. Kamati ya maadili ipelekee muongozo wa awali na ueleze waziwazi kwamba utawarudia na toleo lililorekebishwa, ili usije ukasubiri kibali miezi kadhaa katikati ya kazi huku akina mama wakihama na kumbukumbu zikififia.

Mama Kliniki

Wanangu, mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, na takwimu zenu sizijui sana, ila kadi na daftari nimeviandika kwa miaka mingi. Nawaambieni kwamba tarehe ya hudhurio la kwanza iliyo kwenye kadi ni tarehe ambayo mama alipewa kadi. Haisemi ni lini alifika mlangoni kwa mara ya kwanza.

Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, wajawazito wapya walipokelewa siku moja tu ya wiki, kwa sababu vipimo vya damu vilifanywa siku hiyo. Aliyekuja siku nyingine aliambiwa arudi. Na wapo wenzangu waliomwambia mama mwenye mimba changa kwamba arudi ikianza kuonekana, kwa sababu hawakuwa na vipimo vya mkojo vya kuthibitisha na tumbo halikuwa na kitu cha kupapasa. Mama huyo alirudi baada ya miezi miwili, na daftari likaandika kwamba amechelewa. Mimi mwenyewe nimewapokea wengi wa namna hiyo, na wakati mwingine nikawasikia wenzangu wakiwagombeza kwa kuchelewa.

Mkunga Mwanafunzi

Shikamoo mama, na ahsante sana. Hili limenigusa, kwa kuwa dodoso langu lote limejengwa juu ya tarehe ya kadi. Maana yake ni kwamba katika "waliochelewa" nimechanganya waliochelewa kuja na waliocheleweshwa baada ya kuja.

Mama Kliniki

Marahaba mwanangu. Ndivyo ilivyo. Na waulize kwa upole, maana wengine hawaoni kwamba walirudishwa. Watakwambia "siku hiyo sikuhudumiwa" na wataishia hapo.

Jicho la Tatu

Samahani kwa kuingilia. Mimi najua kwamba katika mbinu mseto matokeo ya pande mbili yakilingana ndiyo yanakuwa ya kweli, na yakipingana unafuata upande wenye sampuli kubwa. Kwa hiyo wanawake 24 wakisema walirudishwa na dodoso la 640 halionyeshi hivyo, unafuata dodoso.

Mpanga Safu

Nusu ya usemi wako ina msingi, ndugu. Kulingana kwa matokeo kunaongeza imani, ingawa hata hapo pande mbili zinaweza kulingana kwa sababu zote zimeteleza mahali pamoja, kwa mfano ikiwa muulizaji wa dodoso na wa mahojiano ni mhudumu yuleyule anayeogopwa. Nusu ya pili siikubali. Ukubwa wa sampuli hukuambia umekadiria kwa usahihi kiasi gani kile ulichokiuliza. Haukuambii kama ulichokiuliza ndicho ulichokusudia. Dodoso lisilo na swali la kurudishwa litakaa kimya juu ya kurudishwa hata likijazwa na watu elfu kumi, na ukimya huo hauwezi kuhesabiwa kuwa upinzani.

Yakipingana, au yakionekana kupingana, ndipo kazi ya kuunganisha inapoanza. Ngoja nifanye mfano mzima kwa namba za kubuni ili Mkunga Mwanafunzi aone njia.

Tuchukulie umemaliza dodoso na mahojiano. Modeli yako inaonyesha kwamba elimu na idadi ya uzazi vinahusiana na kuwahi, lakini katika kundi la "walitarajiwa kuwahi wakachelewa", wanne kati ya sita wanasimulia kwamba walifika kituoni mapema na hawakuhudumiwa. Wawili wanasema waliambiwa waje siku ya wapya, wawili wanasema waliambiwa wasubiri mimba ionekane. Katika kundi la "hakutarajiwa akawahi", unakuta wengi walianza kwenye kituo tofauti. Hapo mahojiano yamezaa dai, na dai hilo linaweza kurudishwa kwenye namba.

Hatua ya kwanza haihitaji kukusanya chochote kipya. Kadi zina tarehe, na tarehe ina siku ya wiki. Kituo kinachofanya kazi siku tano na kupokea wapya kila siku kingekuwa na takriban asilimia 20 ya waliosajiliwa kwa kila siku. Tuseme kituo cha kwanza kina wapya 200 na kati yao 150 wote ni Jumanne, ilhali kituo cha pili chenye wapya 200 kina 44, 38, 41, 40 na 37 kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Simulizi za Jumanne sasa zina alama yake kwenye daftari, na unajua zinahusu kituo kipi. Kama vituo vyote vingekuwa na mgawanyo kama wa kile cha pili, dai la siku maalumu lingedhoofika sana, na ungelazimika kuwauliza tena wanawake wale walikuwa wanasimulia nini.

Hatua ya pili ni kupima ukubwa wa athari, na hapa wengi huruka kwa furaha. Anayekuja Jumatano akaambiwa arudi Jumanne amepoteza siku sita. Hilo linaweza kumtoa mwanamke wa wiki ya 11 na kumweka wiki ya 12, lakini haliwezi kueleza kwa nini mwingine amesajiliwa wiki ya 20, isipokuwa kama alivyorudishwa hakurejea kwa muda mrefu. "Subiri ionekane", kwa upande mwingine, inaweza kueleza miezi miwili mizima, na haiachi alama yoyote kwenye siku za wiki. Kwa hiyo simulizi mbili ambazo katika uchambuzi wa maudhui ungeziweka chini ya kichwa kimoja cha "kurudishwa" zina uzito tofauti kabisa ukizitazama kwa kipimo cha wiki. Ona kwamba namba hapa zimekusaidia kusoma mahojiano kwa makini zaidi, baada ya mahojiano kukusaidia kusoma namba.

Hatua ya tatu ni swali fupi la kuwarudia waliokubali kutafutwa tena: "Kabla ya siku uliyopewa kadi, uliwahi kufika kituoni kwa ajili ya mimba hii bila kuhudumiwa? Kama ndiyo, mimba ilikuwa na muda gani, na uliambiwa nini?" Kwa majibu hayo unatengeneza kigeu kipya, yaani umri wa mimba siku alipofika mara ya kwanza, na unaendesha modeli tena. Kama athari ya elimu inapungua unapotumia kigeu kipya, inawezekana kwamba sehemu ya kile ulichoita elimu ya mama ni tofauti ya jinsi wenye elimu ndogo na kubwa wanavyopokelewa mlangoni.

Kipimo

Mfano ni mzuri, ila naweka tahadhari mbili. Kwanza, utakaowapata kwa simu hawatakuwa wote 640, na wasio na simu huenda ndio waliorudishwa zaidi. Linganisha waliopatikana na wasiopatikana kwa umri, elimu na kituo, na uandike tofauti hiyo.

Pili, na hili lina uzito zaidi kwangu, ni wiki ya 12 yenyewe. Wanawake wengi hawakumbuki tarehe ya hedhi ya mwisho. Mama anasema "miezi mitatu" na mhudumu anaandika 12, ingawa miezi mitatu ya kalenda ni wiki 13. Chora grafu ya umri wa mimba kwenye hudhurio la kwanza, na ukiona vilima kwenye 12, 16, 20 na 24 huku 11, 13 na 15 zikiwa mabonde, ujue umri huo umebadilishwa kutoka miezi. Na mpaka wako umekaa juu kabisa ya kilima kimojawapo! Ukisema "kabla ya wiki 12" kilima chote kinaangukia kwa waliochelewa, ukisema "hadi wiki 12" chote kinahamia kwa waliowahi. Asilimia itaruka sana kwa neno moja tu.

Mkunga Mwanafunzi

Je, hilo haliharibu pia makundi manne ya mahojiano? Mwanamke ambaye ningemhoji kama "aliyechelewa bila kutarajiwa" anaweza kuwa amewahi.

Kipimo

Linaharibu, na umeuliza vizuri. Fanya uainishaji mara mbili, mara ya kwanza wiki ya 12 ikiwa ndani na mara ya pili ikiwa nje, na uchague wa kuhojiwa miongoni mwa wale ambao kundi lao halibadiliki. Wale wanaobadilika usiwatupe. Wahoji wawili au watatu kwa nia moja tu, kujua umri wa mimba uliandikwaje kwenye kadi zao: walipimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, walipapaswa tumbo, au waliulizwa mwezi.

Jicho la Tatu

Nimekubali kuhusu sampuli. Lakini bado nina hoja. Mbona tusigeuze mahojiano kuwa namba moja kwa moja? Ukisema "wanne kati ya sita walirudishwa", tayari umefanya hivyo. Weka 1 kwa aliyerudishwa na 0 kwa ambaye hakurudishwa, kisha piga jaribio la takwimu kwa wote 24.

Kipimo

Wale 24 hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Tumewachagua kwa makusudi kutoka pembe nne. Asilimia yoyote utakayoitoa kwao ni asilimia ya uchaguzi wetu wenyewe. Mimi nisingeweka jaribio lolote hapo.

Mpanga Safu

Mimi ninakubaliana nawe kuhusu majaribio, lakini sikubaliani na wanaokataza hesabu kabisa. Msomaji anapoambiwa "baadhi ya wanawake walisema", ana haki ya kujua kama ni wawili au ni kumi na tisa. Ninaandika idadi, na ninaandika walitoka kundi lipi.

Kipimo

Na msomaji wa haraka atazichukua idadi hizo na kuzifanya asilimia za jamii. Nimeona ikitokea. Ningeandika majina ya makundi bila idadi.

Mpanga Safu

Basi tutatofautiana hapo. Mkunga Mwanafunzi amuulize msimamizi wake anapendelea lipi na alitetee.

Nirudi kwenye jambo la kuandika, maana swali la awali lilikuwa namna ya kueleza muunganiko. Katika pendekezo, chora mchoro mmoja wenye mishale, na kila mshale uandikwe kinachopita juu yake. Mshale wa kwanza unatoka kwenye dodoso kwenda kwenye mahojiano, umebeba majina ya makundi manne na maswali mawili au matatu yaliyotokana na modeli. Mshale wa pili unarudi, umebeba madai ya kupimwa kwenye daftari na swali fupi la kurudia. Mshale usio na mzigo ufutwe.

Katika sura ya matokeo, tengeneza jedwali unganishi ambalo kila mstari ni jambo moja, na safu zake ni kile namba zinachosema, kile wanawake wanachosema, uhusiano wa hayo mawili, na hitimisho ambalo lisingepatikana kwa upande mmoja. Mstari mmoja ungesomeka hivi:

| Namba | Simulizi | Uhusiano | Hitimisho |
|---|---|---|---|
| Katika kituo cha kwanza robo tatu ya wapya wamesajiliwa Jumanne | Wanawake wa kituo hicho wanasema waliambiwa warudi siku ya wapya | Yanaafikiana kuhusu kuwapo kwa utaratibu | Utaratibu upo, lakini wenyewe unaeleza siku chache tu. Ucheleweshaji mrefu unatafutwa kwa wasiorejea upesi na walioambiwa wasubiri |

Safu ya nne ndiyo mtihani. Ukikuta unarudia maneno ya safu ya kwanza au ya pili, mstari huo hauna muunganiko, na ni heri kuuondoa kwenye jedwali na kuuacha katika sehemu yake ya kawaida. Jedwali lenye mistari mitano ya kweli linatosha. Na mistari ambayo pande mbili zimepingana na hukupata ufumbuzi iandikwe hivyo hivyo, pamoja na ulichojaribu.

Mama Kliniki

Na wauguzi je? Mtawahoji wanawake tu kisha muandike kwamba muuguzi alimrudisha mama? Nami nina la kusema kuhusu siku ile ya vipimo. Alikuwepo mtaalamu mmoja wa maabara, na vitendanishi havikuja kila wiki. Mkinihukumu kwa safu ya wiki bila kuniuliza, mtakuwa mmeona nusu.

Mkunga Mwanafunzi

Mama, nimekusikia, na nitaongeza mahojiano na wahudumu wawili au watatu kwa kila kituo kitakachoonyesha mlundikano wa siku moja. Sasa nimebadilisha haya: sampuli inatoka kwenye kaya, ridhaa ina kipengele cha kurudiwa, dodoso lina swali la kufika bila kuhudumiwa tangu mwanzo badala ya kusubiri simu, na kadi itanakiliwa ikiwa na siku ya wiki na namna umri wa mimba ulivyokadiriwa.

Lakini hapa nimekwama. Kama nimeshaweka swali la kurudishwa kwenye dodoso kwa sababu ya maelezo ya mama, basi mahojiano yangu hayataligundua tena jambo hilo. Je, bado ni halali kusema mahojiano yanaeleza namba?

Mpanga Safu

Ni halali, ukiandika ukweli kwamba swali lilitokana na mazungumzo ya awali na mkunga mzoefu. Mahojiano yatakuwa na nafasi ya kugundua jambo jingine ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria.

Kipimo

Mimi nina wasiwasi kidogo. Ukiliweka kwenye modeli mapema, waliorudishwa hawatakuwa tena wale walioenda kinyume na modeli, na hutawafikia katika mahojiano kabisa. Ningeliuliza kwenye dodoso lakini nisingeliweka katika modeli ya kuchagulia makundi. Lihifadhi kwa ajili ya modeli ya pili.

Mpanga Safu

Hilo nakubali, ingawa kuna atakayesema unaficha kwa makusudi kigeu unachokijua. Sababu iandikwe kwenye pendekezo kabla ya kukusanya data, na kamati iione.

Mkunga Mwanafunzi

Nitaiandika hivyo na kuipeleka kwa msimamizi. Na kuhusu wahudumu, bado sijui nitawalindaje: kituo chenye wauguzi watatu, nikinukuu mmoja wao kuhusu siku ya wapya, wenzake wote watajua ni nani.

Mama Kliniki

Watajua siku hiyohiyo. Usinukuu kwa kituo, mwanangu. Changanya vituo vyote vya namna hiyo pamoja.

Mpanga Safu

Lakini ukivichanganya, mstari wa jedwali unaolinganisha kituo na siku zake unapoteza safu ya wahudumu. Sijaona njia safi ya kulimaliza hili katika vituo vidogo. Mwenye uzoefu atuambie alifanyaje.